Benki imerudisha barua yetu ya kubadilisha watia saini kwa mara ya 2. Kosa liko wapi?

Katibu Mbioni (mleta mada)

Wakuu, salaam. Naomba macho yenu.

Mimi ni katibu wa asasi yenye bodi ya wajumbe 9. Muda wa mwenyekiti na mweka hazina uliisha, tukachagua wengine, mimi nikabaki. Watia saini wa akaunti tulikuwa watatu: mwenyekiti, mweka hazina na mimi, na saini mbili zozote zilitosha. Sasa wawili watoke, wawili waingie, mimi niendelee. Mwenyekiti aliyetoka hana shida. Mweka hazina aliyetoka hapokei hata simu.

Barua ya kwanza ilirudi na maandishi ya kalamu pembeni: "azimio halijajitosheleza". Tukaambatisha muhtasari mzima wa kikao. Ikarudi tena: "barua na azimio havilingani". Kwenye dirisha hawaelezi zaidi ya hapo. Barua yenyewe hii:

> Tarehe 10 Machi
> YAH: KUBADILISHA WATIA SAINI
> Tunaomba kubadilisha watia saini wa akaunti yetu. Watia saini wapya ni mwenyekiti, katibu na mweka hazina. Watasaini wawili kati yao. Tumeambatisha muhtasari wa kikao.
> (saini ya mwenyekiti mpya na mweka hazina mpya)

Na sehemu ya muhtasari wa kikao cha tarehe 14 Machi:

> Agenda ya 6. Wajumbe walijadili suala la benki na kukubaliana watia saini wabadilishwe. Malipo yasainiwe na mweka hazina na mwenyekiti au katibu. Wajumbe 5 waliunga mkono, hakuna aliyepinga.

Vyote vina mhuri. Tumekosea wapi?

Msafiri wa Usiku

Nimekaa siti ya mbele. Na sisi tunabadilisha mwezi ujao.

Fundi Hesabu

Mbona liko wazi? Barua imesainiwa na watu wapya. Benki haiwajui hao. Kwenye kadi ya saini hawamo, kwa hiyo kwao hiyo ni barua ya mpita njia. Lazima isainiwe na wa zamani, wote watatu. Bila hivyo hakuna benki itakayoipokea.

Polepole Ndio Mwendo

Mimi nilipobadilisha saini yangu nilijaza fomu moja, nikasaini mara tatu mbele ya karani, kesho yake ikawa tayari. Hayo maazimio ni ya nini? Nendeni na vitambulisho tu.

Msafiri wa Usiku

@Polepole Ndio Mwendo mkuu, yako ni akaunti yako mwenyewe, hata ukikaa kikao unakaa na kioo. Hawa ni asasi.

Dirisha la Tatu

Nimekaa upande wa pili wa meza hiyo kwa miaka mingi, nikipokea na kurudisha barua za namna hii. Nianze na @Fundi Hesabu, maana ana nusu ya ukweli.

Ni kweli benki huanza kwa kutazama nani amesaini barua. Lakini fedha si za watia saini, ni za asasi. Kinachowapa watu mamlaka ya kusaini ni azimio la chombo ambacho katiba ya asasi imekipa kazi hiyo, na kwa wengi ni bodi au mkutano mkuu. Barua ni mjumbe tu wa azimio. Ingekuwa lazima wote wa zamani wasaini, mtu mmoja aliyenuna angeishika asasi nzima mateka.

Kwa hiyo benki nyingi hutaka barua isainiwe kwa utaratibu ule ule unaotumika kutoa fedha kwa sasa. Kwenu ni saini mbili zozote kati ya tatu. @Katibu Mbioni, wewe bado umo kwenye kadi, na mwenyekiti aliyetoka bado yumo. Mmetimia wawili. Mweka hazina aliyenuna hamumhitaji kwenye barua.

Wapya nao wana mahali pao pa kusaini, nako ni kwenye fomu ya sampuli za saini.

Fundi Hesabu

Mkuu nakuheshimu, ila benki yetu ilitaka wote watatu na tulimfuata wa tatu hadi alikohamia. Usiwaambie watu hawamhitaji, wakaenda wakarudishwa mara ya 3.

Dirisha la Tatu

Sikatai. Kuna benki hutaka hivyo kwa kujilinda, hasa zikihisi kuna ugomvi. Ndiyo maana nasema aulize kwanza fomu yao inadai nini. Ila hilo ni takwa la benki husika, lisiwe sheria ya kila mahali.

Sarufi na Maana

Nafundisha lugha, benki siijui. Lakini hiyo sentensi ya azimio imenishtua: "mweka hazina na mwenyekiti au katibu".

Someni polepole. Inaweza kumaanisha mweka hazina lazima awepo, na wa pili awe mwenyekiti au katibu. Inaweza pia kumaanisha ama wale wawili wa kwanza pamoja, ama katibu peke yake. Yaani kwa usomaji wa pili, @Katibu Mbioni anaweza kwenda mwenyewe akatoa kila kitu.

Kisha barua inasema "wawili kati yao", maana yake hata mwenyekiti na katibu wanatosha bila mweka hazina. Karatasi mbili zina maana tatu. Mimi ningekuwa karani ningerudisha pia.

Katibu Mbioni

Mungu wangu. Niliandika mimi hiyo sentensi na sikuiona. Tulichokusudia ni mweka hazina lazima, na mmoja wa sisi wawili.

Dirisha la Tatu

@Sarufi na Maana umeipata, na nadhani ndiyo "havilingani" waliyoiandika. Hapo karani hana ruhusa ya kukisia. Benki ikilipa hundi kinyume cha maelekezo ya mteja inaweza kudaiwa fedha hiyo, kwa hiyo maelekezo yakiwa na maana mbili yeye huyarudisha na kuendelea na foleni.

Kitanzi cha Tarehe

Nyie wote mmeipita tarehe. Barua ni ya 10 Machi, kikao ni cha 14 Machi. Barua inaambatisha muhtasari wa kikao ambacho hakijafanyika! Nina hakika 100% ndilo kosa.

Katibu Mbioni

Niliiandaa mapema ili tukitoka kikaoni tusaini tu. Nikasahau kubadilisha tarehe.

Mkaguzi Kimya

Tarehe itarekebishwa kwa dakika moja. Mimi nina swali zito zaidi. Bodi ni watu 9, waliounga mkono ni 5, waliopinga hakuna. Waliohudhuria walikuwa wangapi? Na akidi yenu ni ngapi?

Katibu Mbioni

Akidi kwa katiba ni theluthi mbili, yaani 6. Walihudhuria 7. Wawili waliaga kabla ya agenda ya 6, kikao kilikuwa kimechelewa.

Mkaguzi Kimya

Basi wakati wa kupiga kura mlikuwa 5 na akidi ni 6. Mahudhurio yenu ya ukurasa wa kwanza yanaonyesha 7, na agenda ya 6 inaonyesha 5 bila kusema wawili wako wapi. Mtu makini akisoma muhtasari mzima atauliza kama nilivyouliza. Mlipoambatisha kila kitu mlimpa benki shaka ambayo mwanzoni hakuwa nayo.

Fundi Hesabu

Hapo sikubali. Akidi huhesabiwa kikao kinapofunguliwa. Kikishafunguliwa halali, watu kwenda chooni au kurudi nyumbani hakukiharamishi.

Mkaguzi Kimya

Inategemea katiba imeandikwaje. Nyingine zinasema akidi itimie kikao kinapoanza. Nyingine zinasema hakuna uamuzi utakaofanywa bila akidi. Nyingine ziko kimya, na hapo ndipo magomvi yanapozaliwa. @Katibu Mbioni yenu inasemaje?

Katibu Mbioni

Neno kwa neno: "Akidi ya kikao cha bodi itakuwa theluthi mbili ya wajumbe." Basi.

Fundi Hesabu

"Akidi ya kikao". Kikao kilifunguliwa na 7. Imeisha hiyo.

Mkaguzi Kimya

Kikao ni mwanzo hadi mwisho, ndugu yangu. Hatutamaliza leo, na mweka hazina aliyenuna akipata wakili, mtabishania hapo hapo. Kwa gharama ya kikao kimoja kifupi, rudieni. Wajumbe 6 au zaidi, wakae hadi mwisho, na muhtasari uandike idadi waliokuwepo wakati wa kuamua.

Bibi Faili

Na mkirudia msipeleke muhtasari mzima. Sisi ofisini tulishawahi kuupeleka wote, ukiwa na agenda ya nidhamu ya mfanyakazi ndani yake. Karani akausoma, mhudumu akaupiga nakala, tukajuta. Mnatoa dondoo: kichwa cha kikao, tarehe, mahudhurio, lile azimio peke yake, na mwisho maneno kwamba hii ni nakala sahihi kutoka kitabu cha mihtasari, yamesainiwa na aliyethibitisha.

Kitanzi cha Tarehe

Anayethibitisha ni katibu, sivyo? Lakini katibu huyu ndiye anayebaki mtia saini. Anajithibitishia mwenyewe?

Bibi Faili

Kwetu katibu huthibitisha siku zote, ndiyo kazi yake.

Dirisha la Tatu

Kwa desturi ni katibu. Ila mtu anapothibitisha azimio linalompa yeye mwenyewe mamlaka juu ya fedha, mimi nilikuwa naomba saini ya pili ya mjumbe wa bodi asiye mtia saini. Wenzangu wengine hawakujali. Kuweka saini ya pili hakuna hasara.

Nimeandika azimio ambalo mimi ningelipokea. Mahali pa nukta wekeni yenu:

> Bodi, katika kikao cha tarehe … kilichohudhuriwa na wajumbe … kati ya 9, wote wakiwepo wakati wa uamuzi, imeazimia kwamba: … (aliyekuwa mwenyekiti) na … (aliyekuwa mweka hazina) waondolewe katika watia saini wa akaunti namba …, … (mwenyekiti) na … (mweka hazina) waingizwe, … (katibu) aendelee. Kila malipo yatakuwa na saini mbili, moja ikiwa ya mweka hazina wakati wote, na ya pili ikiwa ama ya mwenyekiti ama ya katibu. Hakuna atakayesaini peke yake. Mabadiliko yataanza siku benki itakapoyathibitisha kwa maandishi. Maazimio ya awali kuhusu kusaini katika akaunti hii yanafutwa kuanzia siku hiyo.

Majina yawe kama yalivyo kwenye vitambulisho, herufi kwa herufi. Nimewahi kurudisha barua kwa sababu ya jina la katikati lililoandikwa kwenye kitambulisho na kukosekana kwenye azimio. Mliona ni ukorofi, lakini mfumo hauna macho ya huruma.

Barua nayo irudie maneno hayo hayo, isijaribu kuyafupisha. Kufupisha ndiko kulikowaponza.

Sarufi na Maana

"Ama … ama" imenifurahisha. Hiyo haina maana mbili.

Msafiri wa Usiku

Swali. Kwa nini "siku benki itakapothibitisha" na si siku ya kikao?

Dirisha la Tatu

Kwa sababu kati ya kikao na benki kukamilisha kuna siku kadhaa, wakati mwingine wiki. Mkisema "kuanzia leo", kwenu wa zamani hawana tena mamlaka, lakini benki bado inawatambua wao tu, na wapya haiwatambui. Mshahara ukiangukia katikati, nani asaini? Mkisubiri uthibitisho, wa zamani wanaendelea kihalali hadi siku ile, na hakuna pengo.

Mkaguzi Kimya

Hilo ni zuri kama wa zamani ni watu wema. Kama mmoja anashukiwa, kumwachia saini kwa wiki mbili ni hatari. Hapo mimi ningetaka barua ya haraka ya kusimamisha saini yake kwanza, mengine yafuate.

Dirisha la Tatu

Kweli, na ukimsimamisha mmoja, angalia waliobaki wanatimiza idadi. Kwao wangebaki wawili, inatosha. Ingekuwa mweka hazina ni lazima, wangejifungia mlango.

Jirani Mwema

Sisi ndivyo tulivyojifungia. Kwetu saini ya mweka hazina ilikuwa ya lazima, na akafariki. Nilidhani akaunti itashikwa kama ya marehemu, kumbe si hivyo, fedha ni za chama. Lakini hakuna hundi iliyoweza kutoka kwa sababu saini ya lazima haipo. Hata barua ya kubadilisha ilitaka saini yake kwa utaratibu uliokuwepo! Tulipita kwa azimio la mkutano, cheti cha kifo, na barua iliyosainiwa na wote waliobaki. Wiki 5. Waliotudai hawakuelewa kabisa.

Kwa hiyo @Katibu Mbioni, fikirini tena hilo la "mweka hazina wakati wote".

Katibu Mbioni

Pole sana. Tumelijadili. Tulilitaka makusudi kwa sababu huko nyuma malipo yalikuwa yanapita bila mweka hazina kujua. Ila umenipa wazo la kupeleka bodini jina la mweka hazina msaidizi.

Fundi Hesabu

Na hundi zilizokwisha kutolewa je? Nimeona watu wakisahau. Watia saini wa zamani wamesaini hundi leo, mpokeaji anaipeleka benki wiki ijayo baada ya kadi kubadilika. Inarudi.

Kitanzi cha Tarehe

Haitarudi. Ilisainiwa na watu waliokuwa na mamlaka siku ile.

Dirisha la Tatu

Kwa haki @Kitanzi cha Tarehe yuko sawa. Kwa vitendo @Fundi Hesabu yuko sawa zaidi. Hundi ni agizo la asasi, na kubadilika kwa mtia saini peke yake hakulifuti. Lakini karani anayelinganisha saini anaangalia kadi mpya, na ile ya zamani haimo, anaweza kuirudisha. Dawa yake ni aya moja kwenye barua: hundi hizi, namba fulani hadi fulani, za tarehe fulani, zilisainiwa na watia saini wa awali na zilipwe zikiletwa. Zile mnazotaka zisilipwe, andikeni maombi ya kuzizuia, kila moja kwa namba yake.

Katibu Mbioni

Tunazo tatu nje: 000412, 000415 na 000416. Nashukuru, nisingekumbuka.

Jua Kali

Mnaongelea hundi kana kwamba bado tuko nazo tu. Sisi tulibadilisha kadi ya saini vizuri kabisa, benki ikathibitisha, tukashangilia. Miezi miwili baadaye mhasibu aliyeondoka aliidhinisha malipo kwa mtandao kutoka nyumbani kwake. Hakuiba, alikuwa anamalizia deni la zamani kwa nia njema, lakini nilitokwa jasho. Kadi ya saini na huduma ya mtandao ni mafaili mawili tofauti. Kufuta huku hakufuti kule.

Dirisha la Tatu

Ongeza sauti mkuu. Barua itaje pia nani anaondolewa kwenye mtandao, nani anaanzisha malipo na nani anaidhinisha, tokeni zipi zirudishwe, na namba ya simu na baruapepe zinazopokea namba za siri zibadilishwe. Benki nyingi zina fomu ya pekee kwa hilo.

Polepole Ndio Mwendo

Nimekaa kimya tangu mnicheke. Sasa naelewa kwa nini shangazi yangu wa kikundi chao amekuwa akienda benki kila Jumatatu.

Bibi Faili

Mwambie aende na nakala mbili. Moja anaacha, nyingine igongwe mhuri wa kupokelewa wenye tarehe, arudi nayo. Barua yetu iliwahi kupotea ndani ya benki na hatukuwa na cha kuonyesha.

Katibu Mbioni (baada ya siku 16)

Narudi na mrejesho. Bodi ilikaa upya, walihudhuria 7 na wote 7 walikuwepo hadi mwisho. Azimio tulilitumia kama @Dirisha la Tatu alivyoliandika, tukaongeza mweka hazina msaidizi anayesaini mweka hazina asipokuwepo. Dondoo nimeithibitisha mimi na mjumbe mmoja asiye mtia saini. Barua tumesaini mimi na mwenyekiti aliyetoka. Hundi tatu zimetajwa, mtandao umetajwa. Vitambulisho na picha za wapya vimeambatishwa, na fomu za saini wamezijaza mbele ya karani. Imepokelewa, nina nakala yenye mhuri.

Lakini jana nimepigiwa simu. Mweka hazina aliyetoka amewaandikia benki kwamba uchaguzi haukuwa halali na yeye bado ndiye mweka hazina. Wamesimamisha mabadiliko, na wanasema wanaweza kuzuia malipo yote mpaka tuelewane.

Fundi Hesabu

Nilisema huyo wa tatu atafutwe mapema.

Dirisha la Tatu

Benki ikishaandikiwa kwamba kuna mgogoro, hujitoa katikati. Haiamui nani alishinda uchaguzi. Msigombane na karani, hana la kufanya. Pelekeni dondoo ya kikao cha uchaguzi chenyewe, mahudhurio yenye saini za wajumbe, na kifungu cha katiba kinachosema nani huchagua. Kama mna msajili anayewatambua viongozi, barua yake ina uzito kuliko yenu. Na ombeni kwa maandishi malipo yasiyosubiri, kama mishahara, yaruhusiwe kwa saini ambazo hakuna upande unaozipinga.

Mkaguzi Kimya

Na zipo? Saini isiyopingwa hapo ni ya katibu peke yake, na saini moja haitoshi.

Katibu Mbioni

Mwenyekiti aliyetoka hapingwi na mtu, na kwa benki bado yumo kwenye kadi.

Mkaguzi Kimya

Kwenye kadi yumo. Lakini wewe ndiye uliyewaandikia kwamba atoke.

Msafiri wa Usiku

@Dirisha la Tatu tusaidie hapo. Azimio linasema mabadiliko yanaanza benki ikithibitisha, na haijathibitisha. Si bado anaruhusiwa?

Dirisha la Tatu

Kwa maneno ya azimio, ndiyo. Kwa benki iliyokwisha kuogopa, sijaona wote wakikubali. Peleka ombi leo, taja hiyo aya kwa jina lake, na ubaki na nakala yenye mhuri.

Katibu Mbioni

Niko foleni sasa hivi.